Jumong na Prison Break: kwa nini ya Korea huisha na ya Marekani huendelea

Tuanze na hesabu. Jumong, iliyorushwa na stesheni ya MBC ya Korea Kusini, ina sehemu 81. Prison Break ya Fox, Marekani, ukijumlisha misimu yake minne na lile hitimisho lililotoka 2009, nayo ina sehemu 81. Jumong ilianza Mei 2006 ikamalizika Machi 2007: miezi kumi, kila Jumatatu na Jumanne usiku, basi. Prison Break ilianza Agosti 2005, ikachukua karibu miaka minne kufika hapo, na mwaka 2017 ikarudi na sehemu nyingine tisa wakati wengi tulishaizika.

Idadi ya sehemu ni sawa, lakini ukiangalia ndani ni vitu viwili tofauti kabisa. Jumong ni hadithi moja. Kijana mzembe wa ikulu anageuka kuwa mwanzilishi wa dola ya kale ya Goguryeo, na tangu usiku wa kwanza kila Mkorea aliyekaa mbele ya runinga alijua safari hiyo inaishia kwenye kiti cha enzi. Prison Break ni hadithi iliyokamilika mwishoni mwa msimu wa kwanza, kisha ikatakiwa kuendelea kuishi.

Kwenye vibanda vya kujaza filamu kwenye flashi, swali la mteja mzoefu huwa moja: “Hii imeisha?” Kwa tamthilia ya Kikorea muuzaji hujibu bila kufikiri. Kwa ya Kimarekani lazima akumbuke ni msimu wa ngapi, kama ulikatwa, na kama kuna mwingine unakuja. Tofauti hiyo haitokani na tabia za watu wa huko wala kipaji cha waandishi wao. Inatokana na jambo moja ambalo mtazamaji halioni: fedha iliyotengeneza tamthilia inarudi lini.

Fedha inarudi lini

Kwa mfumo wa zamani wa Marekani, ambao ndio uliozaa tamthilia nyingi tunazozijua, studio ilitengeneza na stesheni ililipa ada ya kurusha kila sehemu. Ada hiyo mara nyingi ilikuwa ndogo kuliko gharama halisi. Studio ilikubali hasara kwa makusudi, ikisubiri siku ambayo tamthilia ingeuzwa upya kwa stesheni ndogo za mikoani, zinazorusha marudio kila siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Faida ilikuwa huko.

Sasa fanya hesabu ya mnunuzi wa marudio. Akirusha sehemu moja kila siku ya kazi, sehemu 100 zinampa wiki 20 kabla hajaanza kurudia. Akiwa na 16 tu, zinamwishia ndani ya wiki nne na watazamaji wanahama. Ndiyo maana namba 100 ikawa kama mstari wa kuvuka mto katika biashara ile, ingawa wakati mwingine 88 zilitosha, yaani misimu minne ya sehemu 22. Kwa hesabu hiyo, hadithi nzuri inayokamilika katika sehemu ya 16 ni hasara hata kama nchi nzima iliipenda.

Mtu anayeandika chini ya mfumo huo hutafuta hali isiyokwisha. Hospitali haiishiwi wagonjwa, kituo cha polisi hakiishiwi kesi, na mahakama haifungwi. Hadithi yenye mwisho wa asili, kama mtu anayetaka kutoroka gerezani, huingia kwenye mfumo huo na tatizo lake mkononi.

Korea fedha hutembea kwa njia nyingine. Stesheni ina nafasi ya usiku mbili kwa wiki: Jumatatu na Jumanne, au Jumatano na Alhamisi, au Jumamosi na Jumapili. Wiki nane mara usiku mbili ni sehemu 16, kila moja ikiwa na saa moja na dakika kidogo. Zikiisha, wiki inayofuata jina jipya linaingia kwenye nafasi ileile. Kampuni ya uzalishaji hupokea sehemu ya gharama kutoka stesheni, na pengo huzibwa na wadhamini, na bidhaa zinazoonyeshwa ndani ya hadithi (jambo lililoruhusiwa rasmi 2010, na ndiyo sababu wapenzi wa kwenye tamthilia hugombana kila mara ndani ya mgahawa uleule), na nyimbo zake, na mauzo ya nje. Mnunuzi wa nje anataka mzigo uliokamilika wenye mwisho. Na kwa miaka mingi haki za tamthilia zilibaki kwa stesheni zaidi kuliko kwa kampuni iliyoitengeneza, kwa hiyo aliyetengeneza hakuwa na cha kuvuna mwaka wa tatu. Chake kilipaswa kurudi ndani ya miezi miwili ya kurushwa na miezi michache ya kuuza.

Mikataba ya watu hufuata fedha. Mwigizaji wa Marekani, kabla hata ya kurekodi sehemu ya majaribio, husaini karatasi inayoipa studio haki ya kumshika kwa misimu sita au saba. Mpaka wa miaka saba unatoka kwenye sheria ya California, ambayo mwigizaji Olivia de Havilland aliitumia kuishinda Warner Bros. mahakamani mwaka 1944. Mwigizaji wa Korea husaini kwa tamthilia ile tu. Baada ya sehemu ya mwisho yuko huru. Mwezi ujao anaweza kuwa kwenye stesheni pinzani, na kama ni mwanamume kijana anaweza kuwa jeshini kwa mwaka mmoja na nusu, maana utumishi wa jeshi ni wa lazima na umaarufu haumwondolei mtu wajibu huo. Kuwakusanya watu walewale mwaka unaofuata ni kuanza mazungumzo upya, na bei zao zimeshapanda.

Kuna pia mwandishi. Marekani huwa na chumba cha waandishi, watu wanane au kumi wanaogawana sehemu. Mmoja akiondoka kazi inaendelea. Korea kwa kawaida mwandishi ni mmoja, au wawili kama ilivyokuwa kwa Jumong, na jina lake hutangazwa karibu kwa ukubwa wa mwigizaji mkuu. Saa 16 za hadithi kwa kalamu ya mtu mmoja ni kazi ya mwaka au zaidi. Hakuna anayeweza kumdai mtu huyo nyingine 16 kila mwaka kwa miaka mitano.

Ubovu wa Prison Break ulipoanzia

Kama hujaiona na unakusudia kuiona, ruka hadi kichwa kinachofuata.

Michael Scofield anajiingiza gereza la Fox River akiwa na ramani ya jengo kwenye michoro ya mwilini, ili amtoe kaka yake Lincoln aliyehukumiwa kifo. Fox iliagiza kwanza sehemu 13. Watazamaji wakawa wengi, ikaongeza tisa, zikawa 22. Huo ndio utaratibu wa kawaida wa stesheni za huko. Tazama kinachotokea katika sehemu ya 13. Wafungwa wanashuka usiku kwenye handaki, wanafika kwenye bomba kuukuu ambalo Michael alikuwa amelidhoofisha, na wanakuta limebadilishwa jipya. Kutoroka kunashindikana. Tamthilia ikapumzika kuanzia Novemba 2005 hadi Machi 2006, kisha wakatafuta njia nyingine, wakatoka ukutani katika sehemu ya 21. Mimi naona nyongeza hiyo haikuiumiza. Bomba lile ni mojawapo ya vipigo vizuri vya msimu ule.

Ubovu ulianza baada ya ukuta. Msimu wa pili ni mbio za watoro, na bado una nguvu kwa sababu ndilo jibu la swali la kwanza: je, watafika? Msimu wa tatu unamrudisha Michael gerezani, safari hii Sona, Panama, na majukumu yanapinduliwa: sasa Lincoln yuko nje. Ni msimu wa kwanza tena kwa nchi nyingine. Mgomo wa waandishi wa 2007 na 2008 ukaukata ukabaki na sehemu 13. Mwigizaji wa Daktari Sara aliondoka, hadithi ikamuua kwa kuonyesha kichwa ndani ya sanduku. Msimu wa nne mwigizaji akarudi, na tukaambiwa kichwa kile hakikuwa chake. Hitimisho la 2009 likamuua Michael. Mwaka 2017 tukaambiwa hakufa.

Hapo ndipo tofauti ya mifumo inapoonekana kwa macho. Uamuzi mkubwa wa hadithi, kwamba mtu amekufa, ulikuwa unategemea mkataba na idadi ya watazamaji, na kwa hiyo ukawa hauna uzito. Katika tamthilia ya Kikorea ya sehemu 16, mhusika akiuawa katika sehemu ya 14 tunaamini na tunalia, kwa sababu hakuna msimu wa kumrudisha.

Sitaki ionekane waandishi wa Marekani hawajui hili. Wa Lost walilijua vizuri sana. Mei 2007 stesheni ya ABC ilitangaza kwamba tamthilia hiyo ingeisha 2010, baada ya misimu mingine mitatu, jambo lililokuwa geni kwa tamthilia yenye watazamaji wengi vile.

Jumong nayo ilivutwa

Jumong ilipangwa sehemu 60. Watazamaji walizidi matarajio. Kuelekea mwisho ilivuka asilimia 50 ya runinga zilizopimwa. Stesheni ikaongeza sehemu 21. Kurefusha namna hiyo ndiyo kishawishi cha Korea, na sababu ni ya fedha vilevile: majengo ya kuigizia yamesimama, waigizaji wako pamoja, na matangazo ya nafasi hiyo yanauzika kwa bei ya juu. Faida ya kuongeza iko sasa hivi, wakati moto unawaka.

Dalili za kurefushwa hazifichiki. Mwisho hausogei, kwa kuwa ulishapangwa. Kinachovimba ni katikati. Kumbukumbu za matukio ya nyuma zinarudi mara kwa mara na kuchukua dakika nzima. Siri ambayo mhusika mmoja angeimaliza kwa sentensi moja inabebwa kwa sehemu nne. Adui mpya anaingia baada ya yule mkuu kushindwa. Njia rahisi zaidi ni kuangalia idadi: 16, 20, 24 na 50 ni namba za kawaida za mpango. Ukikuta 25, kama Boys Over Flowers ya KBS mwaka 2009 iliyopangwa 24, ujue kuna kilichoongezwa, ingawa sehemu moja haina madhara kama 21.

Ugonjwa wa pili wa Korea ni mwisho wa kuharakishwa. Kwa miaka mingi tamthilia zilirekodiwa huku zinarushwa. Walianza na akiba ya sehemu chache, akiba ikaisha, na kufika wiki ya saba waigizaji walikuwa wakipokea kurasa za mazungumzo asubuhi kwa ajili ya sehemu ya usiku wa kesho. Faida yake ni kwamba mwandishi aliweza kusikia watazamaji na kugeuza penzi la pili likawa la kwanza. Hasara yake ni sehemu ya 16 inayofunga kila kitu ndani ya dakika kumi na kuruka “mwaka mmoja baadaye”. Ukiona maneno hayo kwenye skrini, mara nyingi ni uchovu ulioandikwa.

Hali hiyo imepungua. Descendants of the Sun ya KBS ilimaliza kurekodiwa kabla ya kuanza kurushwa Februari 2016, kwa sababu ilitaka kuonyeshwa China siku hiyohiyo, na China ilidai kukagua kazi ya kigeni ikiwa kamili. Sheria ya 2018 iliyoshusha saa za kazi Korea hadi 52 kwa wiki ikafanya mikesha ya kurekodi kuwa ghali. Sasa tamthilia nyingi za huko zina sehemu 12 badala ya 16, na nyingi zinakuwa zimekamilika kabla hujaona ya kwanza.

China na Japani, kwa ufupi

Watazamaji wa TBC watakumbuka tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake, iliyorushwa kwa sauti za Kiswahili mwaka 2011, sehemu 36. Rais Xi Jinping mwenyewe aliitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013. China tamthilia haipati kibali cha kusambazwa mpaka mzigo wote ukaguliwe, kwa hiyo mwisho lazima uwepo kabla ya sehemu ya kwanza kuonekana. Lakini mnunuzi hulipa kwa kila sehemu, na hapo ndipo mchuzi unapoongezwa maji: zikawa zinatoka za sehemu 70 na 80 zenye hadithi ya 40. Februari 2020 mamlaka ya utangazaji ilitoa agizo kwamba zisizidi 40, na zikiwa 30 ni bora zaidi. Kwa tamthilia za Kichina za kabla ya hapo, urefu peke yake ni onyo.

Japani inakwenda kwa robo ya mwaka: Januari, Aprili, Julai, Oktoba, sehemu kumi au 11, mara moja kwa wiki. Hakuna nafasi ya kurefusha kwa sababu robo inayofuata imeshauzwa na waigizaji wameshapangiwa kazi nyingine na mawakala wao. Mfano usiosahaulika ni Hanzawa Naoki ya stesheni ya TBS. Sehemu yake ya mwisho, Septemba 2013, ilitazamwa kwa asilimia 42.2 eneo la Tokyo na jirani zake, na ilimwacha shujaa akihamishwa kikazi ghafla, kila mtu mdomo wazi. Marekani wangerudi kabla mwaka haujaisha. Ya pili ilikuja Julai 2020, nayo kwa sehemu kumi.

Uanze na ipi?

Kama muda wako ni wikiendi mbili na hupendi kuachwa njiani, chukua ya Kikorea ya sehemu 12 au 16. Ni saa 13 hadi 17 hivi, na mwisho uko ndani. Chagua zilizotoka baada ya 2018, maana uwezekano wa mwisho wa kuharakishwa ni mdogo. Vumilia sehemu mbili za kwanza. Mwandishi anayejua ana saa 16 hana haraka ya kukushika dakika ya tano, na wengi huziacha pale ambapo hadithi ilikuwa inapanga viti.

Kama unachotafuta ni kuzoeana na watu, kurudi kila jioni kwa daktari yuleyule na polisi yuleyule kwa mwaka mzima, Korea itakunyima. Hapo mfumo wa Marekani unafanya kazi yake vizuri, na tamthilia za kesi mpya kila sehemu haziharibiki hata zikikatwa, kwa kuwa kila usiku una mwisho wake. Zinazoharibika ni zile zenye swali moja kubwa. Kabla ya kuanza yenye swali moja, tafuta mambo mawili: kama imeshaisha, na kama msimu wa mwisho ulitangazwa kuwa wa mwisho kabla haujarekodiwa. Breaking Bad, sehemu 62 kati ya 2008 na 2013, ilipewa nafasi hiyo. Tamthilia iliyokatwa baada ya msimu kurushwa haikupewa, na mara nyingi sehemu yake ya mwisho inakuacha na mtu ananing'inia juu ya shimo.

Ukitaka ya Magharibi yenye ufungaji wa Kikorea, zipo pia, zinazotengenezwa tangu mwanzo kwa sehemu chache na kuisha. Chernobyl ya 2019 ina sehemu tano tu.

Na usiamini tena kwamba neno “Kikorea” linatosha kuwa dhamana. Kampuni za mtandaoni hazisubiri marudio wala hazina nafasi ya Jumatatu na Jumanne. Zinataka wateja wabaki mwezi baada ya mwezi, na jina linalojulikana ndilo linalowabakiza. Squid Game ilitoka Netflix 2021 kwa sehemu tisa, ikafuatwa na saba Desemba 2024 na sita Juni 2025, na zile saba zimekatika katikati ya mapambano kwa makusudi. The Penthouse ya SBS ilienda misimu mitatu kati ya 2020 na 2021. Dr. Romantic ilirudi 2020 na 2023, na namna ilivyorudi inaonyesha ugumu wenyewe: daktari mkuu alibaki, lakini vijana wake wawili wa msimu wa kwanza hawakuwepo wa pili ulipoanza, nafasi zao zikachukuliwa na sura mpya. Kwa hiyo ukikuta ya Kikorea yenye namba mbele ya msimu, ipeleleze kama ungeipeleleza ya Marekani: angalia kama msimu wa kwanza ulijibu swali lake wenyewe. Jibu likiwa ndiyo, tazama huo mmoja kwanza.